Ijumaa tatu ukuta haukusogea, na tukaziacha kwenye video

Video ya kwanza ya kuchangisha msikiti wetu ilikuwa nzuri, na hapo ndo palikuwa na shida yake. Kijana aliyeiediti, mtoto wa jirani hapa hapa Duga, kazi anaijua. Kaweka kaswida ya huzuni kwa chini, kaanza na katoto kamekaa juu ya tofali na jua la saa saba linakapiga, maandishi meupe yanapanda polepole UTAMJIBU NINI MOLA WAKO, halafu namba ya simu, halafu majina ya waliokwisha kutoa na kiasi alichotoa kila mtu, kuanzia laki mbili kushuka chini. Dakika moja na nusu. Mie nilivyoiangalia mara ya kwanza machozi yalinilenga, wallahi. Mara ya pili nikajiuliza, hivi msikiti wenyewe umefikia wapi? Sikuuona. Dakika moja na nusu nzima ukuta umetokea mara moja tu, nyuma ya kichwa cha mtoto, tena umefifishwa ili mtoto aonekane vizuri.

Na yule mtoto nyie namjua, kwao kuna nyumba ya tofali na feni juu. Alikuja kuokota misumari akaambiwa kaa hapo, usicheke. Mama yake alikuja kujua alipotumiwa klipu na wifi yake kutoka Muheza.

Kamati ilikaa baada ya isha, watu sita na birika la kahawa, mie ndo katibu kwa hiyo naandika. Imamu hakusema mengi, akamgeukia kijana akamwambia, "Mwanangu, ile hadithi ya mwenye kujenga msikiti kujengewa nyumba peponi ni ahadi. Wewe umeigeuza deni." Kijana akasema shekhe lakini watu bila kuguswa hawatoi. Mweka hazina akamuunga mkono, na mie sikatai kwamba wana hoja, watu kweli wanatoa wakiguswa. Ila mtu aliyetoa kwa kubanwa kifua harudi kukuuliza hela imefanya nini, anataka tu ile hali imtoke. Sisi tulikuwa tunatafuta watu wa kurudi, kwa sababu jengo letu ni la hatua nyingi na hatuna tajiri.

Basi tukaamua ianze upya. Nitaeleza tulivyofanya, na tulipokosea pia.

Kitu cha kwanza tulichobadilisha ni swali. Ile ya kwanza ilikuwa inaomba hela ya msikiti mzima, milioni thelathini na kitu, na namba kama hiyo mtu wa kawaida akiiona anafanya mambo mawili, ama anasema elfu tano yangu itasaidia nini, ama anatoa na hana njia yoyote ya kujua elfu tano yake ilikwenda wapi kwa sababu imezama baharini. Tukasema tuombe hatua moja tu, inayoanza na kwisha na mtu akipita barabarani anaiona kwa macho yake. Hatua iliyokuwa mbele yetu ni linta, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya madirisha. Mpaka siku tunarekodi kuta zilishafika hapo zikasimama.

Nikamwendea fundi anipe mahitaji. Akaniambia saruji mifuko kumi na nane. Nikaandika, nikaondoka, njiani nikawaza, sasa hii nikiisema kwenye video na akatokea mtu mmoja anayejua ujenzi si tutaumbuka? Nikarudi nikamwambia fundi naomba tupige hesabu pamoja, sikutilii shaka, nataka niweze kuieleza. Jengo ni mita 12 kwa 10, ukizunguka ni mita 44. Mkanda una upana wa nchi 6 sawa na tofali na kimo cha nchi 9, ukizidisha zote unapata zege kama mita moja na nusu ya ujazo. Kwa mchanganyo wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko sita na nusu hivi, kwa hiyo ni mifuko kumi, weka mmoja wa kumwagika, kumi na moja. Saba zilizobaki za wapi?

Fundi akacheka, akanionyesha. Alikuwa kahesabu na nguzo nne za baraza la mbele kwa sababu yeye kichwani kwake zile nguzo na linta zinamwagwa wiki moja. Si mwizi, yeye alihesabu kazi, mie nilikuwa nauliza hatua. Lakini ungekuta tumesema kumi na nane kwenye video halafu risiti zikaja za kumi na moja, au mtu akapiga hesabu kama hii akiwa kwake, hayo maelezo ya nguzo yangekuja yamechelewa na yangesikika kama uongo. Kwa hiyo tukatoa nguzo nje, na fundi mwenyewe akaja kusema kwenye video, kwa sekunde kama ishirini, mita 44, mifuko kumi na moja, huku anapima ukuta kwa futikamba. Ile ndo sehemu watu wameiangalia sana. Sikutegemea.

Jumla ya linta, ukiweka nondo za milimita 12 za kupita nne nne, ringi zake, mchanga, kokoto, mirunda na mbao za boksi na ufundi, ilikuja 1,600,000. Kwenye video hatukusoma mchanganuo wote maana unachosha, tulionyesha karatasi yenyewe imeandikwa kwa mkono, kamera imetulia sekunde nane, anayetaka kusimamisha asome asimamishe. Tuliyoyasema kwa mdomo ni mawili tu, nondo ndo inayokula hela kuliko saruji, na ufundi ni 380,000. Ufundi watu huwa wanauficha kwenye video za michango, sijui kwa nini, kama vile ni aibu fundi kulipwa kwa kazi ya msikiti. Ukiuficha hesabu yako haitafunga, na ukiulizwa utaanza kubabaika.

Sasa kuhusu picha za maendeleo. Hapa namshukuru yule yule kijana, kwa sababu baada ya kununa siku mbili alikuja na wazo ambalo mie nisingelipata. Alichimbia kigingi chini ya mwarobaini ulioko mbele ya kiwanja, kigingi kimefika usawa wa bega, juu kapigilia kibao chenye mfereji wa kusimamishia simu. Kila Ijumaa baada ya alasiri anaweka simu pale pale, lenzi ya kawaida, hagusi zumu, na kibarua mmoja anasimama kwenye kona ya kushoto ya ukuta. Basi. Akaniambia ukipiga kwa chini ukuta wa kozi tano unaonekana ghorofa, na ukitumia ile lenzi pana ukumbi wa mita kumi unakuwa kama uwanja wa Mkwakwani, kwa hiyo bila kigingi hata mtu mwaminifu anadanganya bila kujua. Yule kibarua ndo kipimo chetu. Wiki ya kwanza tofali zinamfika kiunoni, ya nne zimempita kichwa.

Halafu zikaja zile Ijumaa tatu. Hela ilikuwa imekata na mvua za masika zimeshika, ukuta haukusogea hata tofali moja. Kijana alizipiga hivyo hivyo maana tulikubaliana kila Ijumaa. Wakati wa kuediti mweka hazina akasema toa hizo, zinatuaibisha, unganisha wiki ya nne na ya nane mtu hataona kitu. Na kweli ungeunganisha, hakuna ambaye angejua. Lakini ukiziangalia zile picha tatu zikifuatana kuna kitu kinakuja chenyewe, ukuta ni ule ule, kibarua ni yule yule, ila majani kwenye mlango yanakua. Ijumaa ya tatu yamemfika magotini. Hakuna haja ya kusema hela imeisha, wala kaswida. Tukaziacha, tukaandika tarehe tu.

Tarehe zenyewe tumezichomelea ndani ya picha, katikati, pamoja na jina la mtaa. Sababu ni kwamba video za msikiti zinaibiwa, mtu anakata klipu ya kwenu, anaweka namba yake, anairusha kwenye magrupu ya watsapu ya watu wa Dar na Omani ambao hawawezi kuja kuangalia. Huwezi kumzuia kabisa. Unachoweza ni kumfanyia ugumu, tarehe na mtaa viwe katikati ya kazi, si pembeni ambapo anakata kwa kidole. Na namba ya kulipia sisi tunatumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la msikiti, imamu anaitamka mara moja tu mwishoni halafu anasema, kabla hujaweka namba ya siri simu itakuonyesha jina, likija jina la mtu binafsi usitume. Kule mwanzo ilikuwa inaingia kwenye simu ya mweka hazina mwenyewe. Mzee wa watu ni mwaminifu, mie ningemwachia hata mtoto, lakini uaminifu wake mtu wa Salala anaujuaje? Na mzee akifariki kesho (Mungu amuweke) hela ya msikiti inaingia kwenye mirathi na wanawe wanaanza kuzungushwa.

Haya, hesabu. Jioni ya kabla ya kurekodi tulikaa mie na mweka hazina barazani kwake, daftari huku, taarifa ya akaunti ya simu huku. Daftari linasema tuna 640,000 kwa ajili ya linta. Simu inasema 621,500. Tumehesabu mara tatu. Mzee jasho linamtoka, na mkewe kaleta chai akaona nyuso zetu akarudi nayo ndani. Ikabidi tupite mstari kwa mstari, muamala kwa muamala, na mpaka adhana ya isha tukawa tumeipata yote, ilikuwa makato. Kila tulipotoa hela kumlipa mtu wa kokoto au dereva kulikuwa na ada ya kutolea, elfu moja na kitu hapa, elfu mbili pale, na mzee alikuwa anaandika alichomlipa mtu, haandiki ada. 18,500 kwa miezi kadhaa.

Mzee akaniambia, mjomba, elfu kumi na nane nani ataiona, sema 640,000 kama daftari lilivyo. Nikamwambia mzee wangu, namba kwenye video ni ile ambayo mtu akija na kusema nionyeshe simu yenu, ataiona. Tukaandika mstari mpya kwenye daftari, makato, 18,500, tarehe, saini mbili. Kwenye video ikatamkwa tunayo 621,500, tunapungukiwa 978,500. Namba mbaya mbaya hivi, haijazungushwa. Watu wanadhani namba ya mviringo inavutia zaidi, lakini kwenye michango namba iliyozungushwa ndo inayonuka.

Kuna jambo tulibishana nalo zaidi ya makato. Masika yale yale tulipoteza mifuko 14 ya saruji. Tuliinunua kwa pamoja tukaipanga kwenye banda la bati, chini sakafu ya udongo, ubavuni imegusana na bati, hakuna mbao za kuinyanyua. Unyevu wa Tanga unaujua, nguo zenyewe hazikauki. Tulipokuja kufungua, mfuko wa kwanza ni bonge, wa pili bonge. Bonge lenyewe si tatizo kila mara, yale madogo ukiyaminya kwa vidole yanasagika saruji bado nzima, lakini haya ukiyapiga ukutani yanarudi. 224,000 imekwenda hivyo, hela ya watu.

Nusu ya kamati ikasema hilo tuliweke kwenye daftari, kwenye video la hapana, nani atatoa akisikia tumepoteza? Mie nilikuwa upande wa kulisema, na sababu yangu haikuwa ya kiuchamungu sana. Mtaani kila mtu alishaona yale mabonge, watoto walikuwa wanayatumia kama mawe ya kuchezea goli. Tusiposema sisi, itasemwa kwenye maoni ya chini, na itasemwa vibaya. Imamu akaamua isemwe na aseme mweka hazina mwenyewe. Mzee akasimama mbele ya banda, bonge mkononi, akasema tulikosea, tulinunua mapema na kuhifadhi vibaya, siku hizi tunanunua saruji ya kazi ya siku hiyo na ikibaki inalala juu ya mbao. Klipu moja, haijakatwa. Upepo wa kusi ulikuwa unaipiga simu mpaka husikii kitu, kwa hiyo sauti ikabidi airudie ndani ya gari ya jirani, vioo vimefungwa, na kwa kweli ukiangalia vizuri mdomo na sauti havikutani pale anaposema "vibaya". Tumeacha.

Majina ya watoaji tuliyafuta yote. Kuna mama anauza vitumbua njia ya kwenda stendi, kila Ijumaa anatuma mia tano, hajakosa. Orodha ya laki mbili kushuka inamfanyia nini huyu? Qurani yenyewe, Baqara aya ya 271, inasema sadaka ya wazi ni vizuri na ya siri ukawapa mafakiri ni bora zaidi, kwa hiyo anayetaka kujitangaza ajitangaze mwenyewe, sisi si kazi yetu kumtangazia. Tena zile orodha za kwanza zilikuwa zimepigwa picha kwenye simu, zina namba za watu kabisa, na tangu 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inatumika, si mchezo tena huo. Lakini mtoaji ana haki ya kujua hela yake ilifika. Tulichofanya ni kubandika ubaoni, na picha ya ubao ikaingia kwenye video, herufi nne za mwisho za kila muamala na kiasi chake. Wewe mwenyewe unaitafuta ya kwako kwenye meseji yako, mwingine hawezi kujua ni nani. Mama wa vitumbua alisimama pale na simu ya tochi, anafuata mstari kwa kidole, akaipata, akaondoka bila kusema neno.

Na tukaweka sentensi moja ambayo mweka hazina aliipinga mpaka dakika ya mwisho, kwamba tunapokea sadaka, zaka yako wape wanaostahiki. Wanaopewa zaka wametajwa aina nane kwenye Tawba aya ya 60 na wanachuoni wengi wanasema jengo la msikiti halimo. Mzee akasema Ramadhani watu ndo wanatoa zaka, tutakosa. Tutakosa, ndiyo. Mtu aliyetuma zaka yake kwetu akidhani katimiza, wakati mbele ya wanachuoni wengi bado anadaiwa, hilo tumemfanyia sisi kwa kunyamaza. Sentensi ikakaa, sekunde tano.

Mwisho wa video hakuna siku ya mwisho, wala saa inayohesabu kushuka. Imamu anasema ikizidi itaingia kwenye kupaua, ikipungua itakaa kwenye akaunti na linta itasubiri, na mwenye dhiki mwaka huu asitoe, aombe dua tu. Hili la asitoe kijana wa kuediti alinitazama kama nimerogwa. Dakika mbili na sekunde arobaini yote.

Tulivyoirusha, siku ya kwanza tulipata maswali mengi kuliko hela. La maana kuliko yote lilitoka kwa mtu asiyejitaja, kaandika meseji maneno manne, "Mchanga mnachukua wapi jamani?" Nikaganda. Sisi ni watu wa pwani, mchanga wa ufukweni uko bure na malori yanaujua, na mchanga wa bahari una chumvi, chumvi inakula nondo ndani ya zege kimya kimya, miaka inapita halafu unaona mstari wa kutu, zege linapasuka kufuata nondo. Kwa macho mchanga ukishakauka huwezi kusema una chumvi au hauna. Tulikuwa na risiti ya nondo, ya saruji, ya mbao. Ya mchanga tulikuwa na kikaratasi, "tripu 1, mchanga", na saini ya dereva.

Hatukuwa na jibu. Ijumaa iliyofuata lori lilipokuja mweka hazina akamsimamisha dereva mbele ya kamera, akamuuliza mwanangu huu umeuchimba wapi, dereva akacheka akasema mzee mchanga ni mchanga. Mzee akasema usishushe. Likaondoka na mchanga wake. Siku mbili baadaye tukapanda sisi wenyewe na dereva mwingine mpaka shimoni bara huko, kijana anarekodi njia nzima, tukaulipia palepale, umekuja ghali kwa elfu arobaini na bajeti imebadilika, imeandikwa ubaoni kwa kalamu nyekundu pembeni ya namba ya zamani ambayo hatukuifuta.

Mpaka naandika hapa zimeingia 412,000. Linta bado. Kigingi kipo, majani tumefyeka, na kibarua wetu wa kona kapata kazi bandarini, kwa hiyo Ijumaa hii atasimama mwingine, mfupi kidogo, itabidi tuandike.